Ukiikuta rakaa moja tu ya Magharibi

Wavuvi wa Mikindani mnaochelewa Magharibi: mkimkuta imamu kwenye rukuu ya mwisho, hirimieni mmesimama wima, kisha mrukuu. Ukitulia kwenye rukuu kabla hajainuka, rakaa umeipata. Kwa sisi Mashafii, hiyo ndiyo yako ya kwanza.

Akishatoa salamu zote mbili, inuka. Soma Fatiha na sura, rukuu, sujudu, halafu kaa tahiyatu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaunganisha rakaa mbili moja kwa moja. Simama tena, Fatiha peke yake, malizia kwa tahiyatu ya mwisho na salamu. Hesabu vikao: vitatu, cha kwanza ulikaa na imamu. Ndiyo, kila rakaa na kikao chake.