Uvimbe kwenye titi: sindano ikisema "safi" ila mkono unakataa, unafanyaje? (somo + maswali yenu)

Habari za jioni wapendwa, niliahidi somo la uvimbe wa titi, nimechelewa kwa zamu za usiku. Sitamaliza kila kitu, nataka tuelewe jambo moja tu, kwamba uvimbe unapimwa kwa njia tatu (mkono, picha, sindano) na zote tatu lazima ziongee lugha moja.

Nitumie mama mmoja wa Hombolo, miaka 47. Aligusa kitu akioga, ukubwa wa zabibu, hakiumi, na kwa sababu hakiumi akakaa nacho miezi mitatu. Kituo cha kwanza alipewa antibayotiki mara mbili, sijui ya nini maana hakuwa na homa wala hanyonyeshi. Kituo cha pili wakamchoma sindano nyembamba, majibu yakaja "hakuna seli za saratani zilizoonekana", akachinja kuku.

Hatua ya kwanza, mkono. Alikuja kwetu kwa presha tu, titi akalitaja akiwa anainuka kuondoka. Nikamkalisha, mikono juu, na hapo ngozi ya upande mmoja ikaingia ndani kakishimo kadogo ambako mikono ikiwa chini hukaoni kabisa. Nikagusa, kigumu kama kokoto, kingo hazieleweki. Mikono ikiwa imelegea kilisogea kidogo, nikamwambia shika kiuno ubonyeze kwa nguvu ili msuli wa kifua ukaze, kikagoma kusogea. Hiyo maana yake kimeshikana na msuli wa chini yake. Kwapani kulikuwa na tezi moja ngumu. Vingine vya kuogopa ni chuchu iliyoanza kuingia ndani juzijuzi (sio ya kuzaliwa nayo), damu kutoka tundu moja la chuchu, na ngozi kuvimba vitundu kama ganda la chungwa.

Hatua ya pili, picha. Chini ya miaka 40 hivi tunaanza na altrasaundi maana titi la kijana ni zito, kwenye mamogramu linaonekana jeupe lote na uvimbe nao mweupe. Yeye alifanya zote mbili. Uvimbe sm 2.4, kingo zina miiba, umesimama wima kuliko ulivyolala, nyuma yake kivuli. Chini ya ripoti: BI-RADS 5, yaani namba ya daktari wa picha kuonyesha hatari ya saratani. Mkiona namba hiyo jueni, 2 ni salama, 3 hatari haizidi 2% na kwa kawaida unarudia picha baada ya miezi 6, 4 na 5 unachomwa sindano, na 5 yenyewe ni 95% au zaidi kwamba ni saratani.

Hatua ya tatu, sindano. Hapa ndo watu wanakosea. Sindano nyembamba inanyonya seli tu, ikikosea sm moja inanyonya mafuta ya pembeni na jibu linakuja zuri. Kwa hiyo mkono na picha vikisema mbaya halafu sindano ikasema safi, hilo sio jibu, ni sindano iliyokosa, inarudiwa. Tukampeleka akachomwa ile nene, kwa ganzi, daktari anaangalia ncha kwenye altrasaundi. Vilitoka vipande vinne kama vya tambi, vikaingia kwenye kopo la fomalini palepale. Sio maji, sio kukaa mezani mpaka dereva apatikane, nyama ikiharibika maabara haiwezi kupima vipokezi vya homoni na protini ya HER2 kwenye seli za saratani, na dawa zinachaguliwa kwa hivyo. Jibu: saratani ya mirija ya maziwa, imeshavuka ukuta wa mrija. Kuku aliliwa bure.

MASWALI

*Tabibu shikamoo, binti yangu ana 22, chake kinateleza kama gololi, lazima akatwe?*
Marahaba mama. Umri huo mara nyingi ni faibroadenoma, uvimbe ambao sio saratani. Altrasaundi kwanza, vikikubaliana na mkono anaweza kufuatiliwa tu, wengine wanachukua kipande kuhakikisha. Kikikua haraka au kikizidi sm 3 ndo tunaongelea kukitoa.

*Bibi anasema ukichokoa sindano unaisambaza, kweli?*
Hapana dada, haibadilishi uhai wa mgonjwa. Kinachotusumbua ni wale wanaokatwa uvimbe mzima bila kujua ni nini, wanarudi kukatwa tena maana kingo hazikutolewa vizuri.

*Mi nanyonyesha, nilipewa dawa ya jipu, wiki ya tatu hii bado jiwe lipo na titi jekundu.*
Usimeze dozi nyingine kabla ya altrasaundi mdogo wangu. Kama kuna usaha unanyonywa, kama hakuna usaha na halipungui unachukuliwa kipande, kuna saratani inajifanya jipu hivyohivyo. Mtoto endelea kumnyonyesha. Uko Dodoma mjini au wilayani? Nijibu nikuelekeze uanzie wapi kesho asubuhi.