Somo: Kutoa kero, matakwa na kauli za mtumiaji kwenye rekodi ya mahojiano

Rekodi ninayoitumia leo ina dakika 38. Niliichukua kijiji kimoja cha Tandahimba msimu wa korosho, tumekaa mkekani nyuma ya nyumba, mimi na mama mmoja mkulima. Anatumia aplikesheni ya simu kuangalia kilo alizopeleka chama cha msingi na malipo yake baada ya mnada. Ameniruhusu nitumie maneno yake kufundishia. Jina lake silitaji, na la aplikesheni pia.

Kwa msio wa huku kusini: mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, kisha zinauzwa mnadani chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Pesa huja baadaye. Kati ya mzani na malipo kuna siku za kusubiri, na siku hizo ndizo tulizozungumzia karibu muda wote.

Wabunifu wanataka vitu vitatu kutoka kwako. Kero, yaani pale mtumiaji anapokwama au kuumia. Matakwa, yaani anachoomba awekewe. Na kauli, maneno yake yenyewe yanayothibitisha hayo mawili. Wengi tunaanza na kero, halafu tunarudi kwenye rekodi kutafuta kauli ya kuipamba. Mimi nafanya kinyume: kauli kwanza. Nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 1: Andika kila kinachosikika

Kabla ya yote, nakili faili la sauti sehemu ya pili na ulipe jina lisilomtaja mtu, kwa mfano `TDH_03.m4a`. Orodha inayosema TDH_03 ni nani ikae mbali na faili. Tangu ipite Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sauti ya mtu si kitu cha kurushiana kwenye makundi ya simu.

Kisha sikiliza na uchape. Dakika zile 38 zilinichukua zaidi ya saa tatu, nikiwa nimepunguza kasi ya sauti kidogo. Weka dakika na sekunde mwanzoni mwa kila zamu ya kusema. Andika na "eeh", "aa", kicheko na kimya. Maswali yako nayo yaandike neno kwa neno, hata yale unayoyaonea aibu. Hatua ya pili yote inategemea hayo.

Kipande hiki ndicho tutakachokifanyia kazi:

[12:40] Mimi: Ukishapima korosho, unafungua lini hiyo ya simu?
[12:46] Mama: Siku hiyohiyo jioni. Nataka nizione kilo zangu. Nafungua, nakuta sifuri. Nalala na sifuri yangu. Asubuhi naamkia kwa karani.
[13:05] Mimi: Kwa hiyo inachelewa kuonyesha?
[13:08] Mama: (kimya, sekunde tatu) Eeh, inachelewa.
[13:15] Mama: Lakini kuchelewa navumilia, mbona pesa yenyewe tunaisubiri. Mimi sijui kama ameandika au hajaandika.
[13:31] Mama: Wangeleta meseji tu, ile ya kawaida. Kwamba mama, kilo zako mia mbili thelathini na saba tumezipata.
[14:02] Mama: Maana bando likiisha, hiyo ya simu sina tena. Meseji inabaki.

Hatua ya 2: Uliza neno lilitoka kinywani mwa nani kwanza

Hapa ndipo kazi nzima ilipo, na ndipo nilipowahi kuharibu.

Tazama neno "inachelewa". Mama kalisema saa 13:08, lakini kabla yake nililisema mimi saa 13:05. Nilimtengenezea jibu, naye kwa adabu yake akalipokea. Huku kwetu mgeni hakatazwi anachosema hivihivi, hasa akiwa amekuja na karatasi na kinasa sauti. Ile kimya ya sekunde tatu ndiyo iliyokuwa jibu lake la kweli. "Eeh" ilikuwa heshima.

Miaka ya nyuma, kwenye kazi nyingine, nilichukua kauli ya namna hiyo nikaipeleka kwa wabunifu: "Eeh, inachelewa." Wakashughulikia kasi majuma kadhaa. Ukurasa ukawa unafunguka haraka kweli, na watumiaji wakaendelea kulalamika vilevile, kwa sababu kasi haikuwa shida yao. Ilikuwa shida yangu niliyowawekea mdomoni.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kupanga chochote, napita kwenye maandishi na kalamu. Kila neno zito la mtumiaji ambalo nililitangulia mimi kwenye swali, nalipigia mstari mwekundu. Haliwi ushahidi. Linarudi kuwa ushahidi pale tu mtumiaji anapoliongezea jambo ambalo sikumpa. Mama alifanya hivyo saa 13:15: alilichukua neno langu akalikataa, akaleta lake. "Sijui kama ameandika au hajaandika." Hiyo ni yake tupu, na ndiyo dhahabu ya mahojiano yote.

Hatua ya 3: Kata kauli, kisha panda kutoka hapo

Kauli nzuri ni fupi, sentensi moja hadi tatu, na inaeleweka na mtu ambaye hakuwepo mkekani. Sikubadilisha neno. Nilichukua tatu:

"Nafungua, nakuta sifuri. Nalala na sifuri yangu." [12:46]
"Kuchelewa navumilia... Mimi sijui kama ameandika au hajaandika." [13:15]
"Bando likiisha, hiyo ya simu sina tena. Meseji inabaki." [14:02]

Ile ya pili nimeikata katikati nikaweka nukta tatu. Inaruhusiwa, kwa sababu maana haijageuka. Ningeondoa "kuchelewa navumilia", mbunifu angerudi kulekule kwenye kasi.

Sasa kero. Iandike kama sentensi yenye mtu, wakati na tokeo: *Mkulima akitoka kwenye mzani hajui kama kilo zake zimeandikwa, hivyo hulala na wasiwasi na hurudi kwa karani kesho yake.* Kila kipande cha sentensi hiyo kina kauli chini yake. Jaribu kuandika "mfumo haueleweki" uone: utakosa pa kuegemea, kwa sababu mama hakusema hivyo popote.

Chini ya kero naweka mstari mmoja unaoanza na neno Dhana. Hapo naandika ninachokiona mimi: nadhani skrini inatumia sifuri ileile kwa mambo mawili, "bado hazijaingizwa" na "huna kitu". Mama hakuyatenganisha kwa maneno. Huenda niko sahihi, lakini ni yangu, na mbunifu ana haki ya kujua hivyo ili akaihakiki.

Matakwa yanahitaji uangalifu wa namna nyingine. Mama aliomba meseji. Andika "meseji ya kawaida yenye idadi ya kilo", kama alivyosema, usiipandishe cheo ikawa "mfumo wa arifa". Kisha uliza: meseji ingemfanyia nini? Jibu limo saa 13:31 na 14:02. Anataka mtu aseme "tumezipata", na anataka hilo neno libaki kwenye simu hata bando likikata. Mbunifu akishindwa kuleta meseji kwa sababu ya gharama, bado anajua anatafuta nini: uthibitisho unaosomeka bila data. Ukimwandikia "meseji" peke yake, akishindwa ameshindwa.

Angalia pia alivyotaja kilo 237. Anazijua hadi moja ya mwisho. Nimeiandika pembeni, kwa kuwa mtu anayekumbuka hesabu yake hivyo hataridhika na skrini inayomwandikia "takriban".

Hatua ya 4: Ukurasa mmoja

Mpe mbunifu ukurasa mmoja kwa kila mtu uliyemhoji. Kero zisizidi nne au tano, kila moja na kauli yake na dakika yake, matakwa chini, dhana zikiwa zimeandikwa dhana. Dakika ni muhimu, maana mbunifu akitia shaka anafungua rekodi anasikiliza mwenyewe. Sauti ya yule mama akisema "nalala na sifuri yangu" inabeba kuliko maandishi yangu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Nachingwea: Mwalimu, nina mzee wangu mmoja kila nikiuliza anasema "hakuna shida, iko vizuri". Dakika 25 nzima. Nitatoa kero wapi hapo?

*Jibu:* Kwenye mikono yake, ndugu yangu. Yule mama nilipomuuliza kuhusu ukubwa wa maandishi alinijibu "siyo mabaya, nasoma". Lakini dakika tatu kabla alikuwa amempa mjukuu simu amsomee. Nilikuwa nimeliandika kwenye daftari. Kwenye ukurasa niliweka: *Kitendo: alimpa mjukuu simu amsomee salio [18:20].* Sikuiita kauli, kwa sababu hakusema. Kwa mzee wako, rudi umwombe akuonyeshe alivyoitumia mara ya mwisho, hatua kwa hatua, wewe ukae kimya. "Iko vizuri" huwa haivumilii kuonyeshwa.

Mwanachama, Mikindani: Wangu wanachanganya Kimakonde, hasa wakikasirika. Nitafsiri moja kwa moja nikichapa?

*Jibu:* Hapana, dada. Chapa kama ilivyosikika, hata kama hujui tahajia, kisha weka tafsiri mstari wa chini. Mtafute mzungumzaji mwingine asikilize kipande hicho tu, bila kuona tafsiri yako. Mkitofautiana, ziandike zote mbili. Na weka alama pale lugha ilipobadilika. Umesema mwenyewe wanabadilisha wakikasirika, basi hapo pana kero, sikiliza sentensi mbili za kabla yake.

Mwanachama, Lindi mjini: Mama kasema habari ya sifuri mara ngapi? Mimi huwa nahesabu, jambo likitajwa mara nyingi nalipandisha juu.

*Jibu:* Mara sita. Lakini hesabu watu, usihesabu kutajwa. Mara sita za mtu mmoja bado ni mtu mmoja, na pengine mara mbili kati ya hizo nilimrudisha huko mimi kwa maswali. Kwenye ukurasa wake niliandika "1 kati ya 1". Nilipomaliza wakulima saba, watano walikuwa wameileta wenyewe bila kuulizwa, ndipo nikaipandisha juu.

Mwanachama, Masasi: Je, uliwahi kumrudishia mama hizo kero na kauli ulizoziandika?

*Jibu:* Ndiyo, nilimsomea zote. Alikubali kauli, akasahihisha kero. Aliniambia karani hana kosa: mzani uko nje, daftari liko ndani, na siku ya foleni vijana wa mzani wanamtajia kilo kwa sauti. Anachoogopa ni karani kusikia vibaya. Kwa hiyo ile kero niliyoiandika "hajui kama zimeandikwa" ikawa "hajui kama zimeandikwa, na kama zimeandikwa sawasawa". Nikarudi kwenye rekodi, na kweli alikuwa amesema saa 27:50, "mia mbili na mia tatu zinafanana pakiwa na kelele". Nilikuwa nimeipita nikidhani ni masimulizi tu.