Maji ya chumvi na sukari: angalia chupa kabla hujashika kijiko

Jirani yangu alinigongea mlango saa mbili usiku, mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu akiwa mgongoni. Mtoto alianza kuharisha alfajiri. "Nesi, nimempa maji ya chumvi na sukari kama mnavyotufundisha kliniki," aliniambia, "lakini kila akinywa anaharisha zaidi, na bado analilia maji."

Nilianza na maswali niliyozoea. Amekula nini, ananyonya bado, ametapika mara ngapi, kuna damu kwenye choo? Nusu saa ikapita kabla sijauliza lile ambalo ningeuliza kwanza: hayo maji umeyachanganya vipi, na umeyachanganyia kwenye nini? Akaenda kuleta chupa. Ilikuwa ya nusu lita.

Nimeandika hatua hizi kwa sababu ya chupa ile. Ukipata pakiti ya ORS dukani au zahanati, tumia hiyo. Ina chumvi na sukari zilizopimwa kiwandani, na ina potasiamu pia, ambayo mchanganyiko wa nyumbani hauna. Soma tu imeandikwa ichanganywe na maji kiasi gani, kwa kuwa nyingi ni za lita moja lakini zipo za nusu lita na hata za mililita 200. Mchanganyiko wa nyumbani ni wa pale pakiti haipo, au ni usiku na duka limefungwa.

Vipimo vyenyewe ni hivi: maji safi lita 1, chumvi laini nusu kijiko cha chai, sukari vijiko 6 vya chai. Vijiko vyote viwe vya kusawazishwa juu.

Hatua ya 1: Maji

Chemsha, poza, kisha ndipo upime. Ukipima kabla ya kuchemsha, sehemu ya maji itaondoka na mvuke na hutakuwa na lita tena.

Mimi napendelea chupa tupu ya maji ya dukani iliyoandikwa lita 1 ubavuni. Isuuze vizuri na uiweke kabatini kwa kazi hiyo tu. Jagi halina alama, sufuria ndiyo kabisa, na vikombe vya chai vinatofautiana nyumba kwa nyumba. Watu wengi wakisikia "chupa moja ya maji" huchukua iliyo karibu, na iliyo karibu mara nyingi ni ya nusu lita, au ya lita moja na nusu. Ya kwanza inafanya dawa iwe kali maradufu, ya pili inaifanya iwe nyepesi mno. Kama huna chupa ya lita 1, chupa mbili za nusu lita zinatosha. Zimimine zote kwenye chombo kimoja kabla hujatia chochote.

Hatua ya 2: Chumvi

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kijiko ni kile kidogo cha kukorogea chai, chenye ujazo wa mililita 5. Kile cha kulia wali ni mara tatu yake. Nimewahi kumwambia mama "kijiko kidogo" na yeye akachukua cha wali, kwa sababu kwake kijiko kikubwa ni upawa. Tangu siku hiyo namwomba mtu anionyeshe kijiko chenyewe.

Chota chumvi laini ya unga, kisha pitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko hadi chumvi iwe sawa na ukingo. Gawa katikati kwa ncha ya kisu, rudisha nusu moja kwenye kopo. Nusu inayobaki ni karibu gramu 3. Usikadirie nusu kwa macho wakati unachota, kwa sababu chumvi hujikusanya katikati na kile unachoona ni nusu kinaweza kuwa kijiko kamili. Kijiko kilichorundikwa kinaweza kubeba karibu maradufu ya kile kilichosawazishwa.

Chumvi ya mawe isage kwanza. Mabonge huacha nafasi kati yake, hivyo kijiko chake hakina uzito sawa na cha chumvi laini, na yakichelewa kuyeyuka yanakaa chini ya chupa. Kikombe cha kwanza kinakuwa maji matupu, cha mwisho kinakuwa chumvi.

Kuhusu kubana chumvi kwa vidole vitatu, siipendi. Najua Bangladesh shirika la BRAC lilifundisha mamilioni ya kaya njia hiyo miaka ya 1980, na ilisaidia sana. Lakini kule mwalimu alikaa na kila mama, akamwona akibana kwa mkono wake mwenyewe, na baadaye wakaguzi walirudi kuupima mchanganyiko. Ukimtumia shangazi maelezo ya vidole vitatu kwa simu, hujui vidole vyake ni vya ukubwa gani. Vifuniko vya soda na vya chupa za maji navyo ni vivyo hivyo, kila kimoja na ujazo wake.

Sasa turudi kwenye chupa ya jirani. Alikumbuka sawasawa, nusu kijiko cha chumvi na sita vya sukari. Ila vilikuwa vya kurundika, na maji yalikuwa nusu lita. Piga hesabu. Chumvi ya kurundika ilikuwa kama gramu 5 au 6 badala ya 3, na ndani ya nusu lita ni sawa na gramu 10 hadi 12 kwa lita. Dripu ya chumvi ya hospitali ina gramu 9 kwa lita. Sukari nayo, vijiko sita vya kurundika ni kama gramu 50, sawa na gramu 100 kwa lita, utamu wa soda. Kipimo sahihi ni gramu 25 hivi. Mama hakukosea idadi hata moja, na bado mtoto alikunywa kitu kikali karibu mara nne.

Hatua ya 3: Onja kabla ya sukari

Koroga chumvi iyeyuke yote, kisha onja. Isizidi ladha ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya. Usijaribu kuokoa kwa kuongeza maji, kwa sababu hutajua tena umefika wapi. Kuonja kuwe hapa, maana sukari ikishaingia huficha chumvi na ulimi hauwezi tena kukuonya.

Hatua ya 4: Sukari

Vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa. Nyeupe au ya kahawia, hamna tofauti. Asali usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Usiongeze kijiko cha saba ili mtoto apende. Wengi huongeza hapo wakidhani sukari ni ya ladha au ya kumpa nguvu, kumbe kazi yake ni nyingine. Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna mlango unaopitisha sukari na chumvi zikiwa pamoja, na zikipita maji huzifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata wakati wa kuharisha, hata kwa mgonjwa wa kipindupindu. Maji matupu hayaufungui. Chumvi peke yake pia haiufungui vizuri.

Sukari ikizidi, utumbo haumalizi kuipokea. Inayobaki hufanya kile chumvi inachofanya kwenye vitunguu vya kachumbari: unavifikicha, na baada ya dakika chache bakuli limejaa maji yaliyotoka ndani yake. Sukari iliyobaki tumboni huyavuta maji ya mwili yaingie utumbo, na yanatoka kama choo cha maji. Ndiyo sababu soda na juisi za paketi humzidishia mtoto kuharisha. Dafu nalo lina potasiamu nyingi lakini chumvi yake ni kidogo, halichukui nafasi ya mchanganyiko huu.

Chumvi ikizidi nayo huvuta maji kuingia utumbo, lakini hatari yake kubwa iko kwenye damu. Damu inakuwa na chumvi nyingi na kunyonya maji kutoka viungo vingine, ubongo ukiwemo. Mtoto anakuwa na kiu isiyokatika, analia kwa sauti kali, anashtuka ovyo, na anaweza kupata degedege. "Bado analilia maji" ilikuwa ni ishara hiyo.

Utajuaje kosa ni la mchanganyiko na si la ugonjwa? Mchanganyiko sahihi hauzuii kuharisha papo hapo, kazi yake ni kurudisha maji yaliyopotea, kwa hiyo choo kuendelea siku mbili tatu hakuna maana kwamba dawa ni dhaifu na unahitaji kuiongezea nguvu. Lakini choo kikiongezeka wazi kila baada ya kunywa, tumbo likijaa gesi na makalio yakiwa mekundu ya kuungua, shuku sukari. Kiu ikizidi kadiri anavyokunywa, na hasira pamoja nayo, shuku chumvi. Hapo acha huo mchanganyiko, endelea kunyonyesha, na mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Usimimine maji matupu kwa wingi ili "kuosha" chumvi, kwa sababu chumvi ya damu ikishuka kwa kasi nayo huleta degedege.

Hatua ya 5: Kumnywesha

Chini ya miaka 2, robo hadi nusu kikombe cha robo lita kila baada ya choo cha maji. Miaka 2 hadi 10, nusu hadi kikombe kizima. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Tumia kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee polepole zaidi. Ziwa na chakula visikatizwe. Zahanati watampa pia vidonge vya zinki, na avimalize siku zote alizoandikiwa hata kuharisha kukiisha.

Mtoto wa chini ya miezi 6 usimchanganyie nyumbani. Mnyonyeshe na umpeleke. Mwingine yeyote mpeleke haraka ukiona damu kwenye choo, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kuwa mgumu kuamka, macho yakididimia, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole.

Baada ya saa 24 mwaga kilichobaki, osha chupa, changanya mpya. Usiongezee chumvi na sukari kwenye mabaki ya jana, na usiupashe moto mchanganyiko uliokwisha kuwa tayari, utakauka na kuwa mkali.

Usiku ule tulipanda bajaji hadi kituo cha afya. Walimchunguza, wakampa ORS ya pakiti taratibu kwa kijiko huku wakimwangalia, na kufikia asubuhi kiu ilikuwa imetulia na amekojoa. Mama alirudi nyumbani na chupa ya lita 1 aliyoinunua njiani, na akaichora mstari wa kalamu mahali maji yanapopaswa kufika.