Kabla hujampa mpishi idadi ya wageni

Kwenye fomu ya usajili wa semina usiulize, "Je, una mahitaji maalumu?" Watu watajaza "hapana" au "ndiyo", na hutajua ufanye nini. Taja vitu: ngazi zinakupa shida? Unatumia kiti cha magurudumu? Unahitaji mkalimani wa lugha ya alama? Kuna chakula usichokula, na ukikila kinakufanya nini? Swali hilo la mwisho ndilo linalomtenga asiyependa sangara na yule ambaye karanga zinaweza kumuua.

Ukumbi kaukague mwenyewe, na futi mkononi. Mwanza ni mji wa miamba, kumbi nyingi zimepanda mlimani. Meneja atakwambia kwenye simu hakuna ngazi, kumbe ziko tatu mlangoni ambazo yeye hazihesabu tena. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa karibu mita 1.8, si ubao wa kuokoteza asubuhi hiyo. Pima na mlango wa choo.

Sasa chakula, maana hapa niliumbuka. Semina ya watu 60, mmoja wao dada aliyevuka na kivuko kutoka Ukerewe. Alikuwa ameandika wazi: mzio wa karanga. Nikamtumia mwenye kampuni ya chakula ujumbe: "Mtu 1 bila karanga." Akajibu, "Sawa, bosi." Nikaona nimemaliza.

Mpishi alitenga kweli bakuli la mchicha usio na karanga. Akaliweka mezani kando ya mchicha wa karanga, bila kibandiko. Wageni wawili watatu wakahamisha upawa kutoka chombo hiki kwenda kile. Dada alipofika alichota palepale alipoelekezwa. Dakika chache baadaye midomo ilivimba, akaanza kukohoa na kuhema kwa shida. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la mshiriki mwenzake. Alipona, lakini uso wake ule bado ninao.

Tangu hapo sizungumzi na mwenye kampuni peke yake. Namtafuta anayeshika mwiko. Namwandikia karatasi moja, si orodha nzima yenye majina na maradhi ya watu: siku, mlo, idadi, kisichotakiwa. Mfano: "Jumanne mchana, sahani 1: isiguswe na karanga, sufuria yake, upawa wake, mafuta mapya." Sahani ya mwenye mzio haipiti mezani kabisa. Inafunikwa jikoni, kisha mhudumu mmoja aliyeonyeshwa mwenye mzio ni nani anamkabidhi mkononi. Jina la mgeni huyo nalitoa kwa mhudumu huyo tu, na kwa ruhusa yake.

Chai ya saa nne nayo ni mlo, iandike. Uliza vitumbua vimekaangwa kwenye mafuta gani. Mwenye kisukari anayechoma insulini umwambie mapema saa ya kula, na ratiba ikichelewa mwambie tena. Wanaojisajili mlangoni waulize upya. Halafu kuna madereva, wakalimani na watoa mada: hao hawajazi fomu, na wote watakula.