Kabla ya Kupanda Mahindi, Pima Joto la Udongo Asubuhi

Mbegu ya mahindi haianzi kuota mpaka udongo ufikie nyuzi joto 10 hivi za Selsiasi. Hiyo ni hali ya chini kabisa, na ikibaki hapo mche utachelewa mno. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kupima mara moja tu, alasiri, wakati jua limeshapasha udongo wa juu.

Tuchukue mfano. Shamba limepimwa saa tisa alasiri, kipimajoto kikasoma 17. Kesho yake saa mbili asubuhi, palepale, kikasoma 8. Wastani ni 12.5, yaani nyuzi 2.5 tu juu ya 10. Ili mche utokeze, ziada hizo za kila siku zinatakiwa zijumlike kufikia takriban 65. Kwa 2.5 kwa siku, mbegu italala ardhini siku 26, ikiwindwa na ukungu na wadudu. Wiki moja baadaye asubuhi inasoma 12 na alasiri 20. Wastani sasa ni 16, na miche hutokeza kwa siku 11 hivi. Mimi ningesubiri wiki hiyo.

Jambo la kuogopa zaidi ni mvua ya baridi mara tu baada ya kupanda. Katika saa 24 hadi 48 za mwanzo mbegu hufyonza maji kwa kasi, na maji yakiwa baridi sana utando wa seli zake hupasuka. Joto likirudi baadaye halitibu jeraha hilo. Ukifukua utakuta mbegu imevimba bila mzizi, au chipukizi limejisokota na kufungua majani chini ya udongo. Kwa hiyo angalia pia utabiri wa siku mbili tatu zinazofuata.

Sasa upimaji wenyewe. Kwanza hakiki kipimajoto: kitumbukize kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, koroga, subiri. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 2, punguza 2 katika kila kipimo. Shambani toboa tundu kwa msumari mrefu, hasa udongo ukiwa mgumu, ili usivunje kifaa. Ncha ifike kina kilekile utakachofukia mbegu, kwa kawaida sentimita 5. Bana udongo uguse ncha, kwani ikibaki hewa utapima hewa. Kiwekee kivuli, subiri dakika chache mpaka kitulie, kisha soma kikiwa bado ardhini, jicho likiwa sawa na alama. Ukikichomoa kwanza, kinaanza kubadilika.

Pima sehemu nne au tano, ukiwemo upande wenye unyevu au mabaki mengi ya mazao, maana huko ndiko kunakochelewa kupata joto. Rudia asubuhi tatu mfululizo. Zote zikizidi 10, zinapanda, na utabiri hauna baridi, panda.