Kuandika barua pepe ya kuomba kamisheni bora baada ya kitabu chako cha bima kukua

Dalali wa bima akiona kitabu chake, yaani jumla ya ada za wateja anaowapeleka kampuni ya bima, kimekua, barua ya kwanza anayoiandika huwa fupi: biashara imekua, tuongezeeni kamisheni. Barua hiyo haifiki mbali. Meneja wa tawi hapa Mbeya mara nyingi hana mamlaka ya kubadili viwango. Ataisambaza Dar es Salaam, kwa mtu asiyekujua, ambaye atatazama namba tu. Basi mwandikie huyo wa Dar.

Tuchukue mfano wa dalali wa Mwanjelwa mwenye wateja wa malori ya njia ya Tunduma, vinu vya mpunga vya Mbarali na maghala ya kahawa ya Mbozi. Ada zimetoka milioni 180 hadi milioni 420 kwa mwaka. Wateja wanalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni, naye anasubiri kamisheni siku 45.

Hatua ya 1: Gawa kitabu kwa aina ya bima

Tumia ada kabla ya VAT. Ukiweka zenye VAT, mhasibu wao atagundua kwa dakika moja na namba zako nyingine zote zitatiliwa shaka.

Magari: milioni 290, kamisheni asilimia 10, madai asilimia 64 ya ada.
Moto na mali: milioni 90, kamisheni 15, madai 22.
Mizigo: milioni 40, kamisheni 15, madai 31.

Sasa soma kama anavyosoma huyo wa Dar. Kwenye magari, kila shilingi 100 inayoingia, 64 zimelipa madai na 10 ni zako, na bado hajalipa ofisi, wafanyakazi wala bima mtawanyo. Hapo hakuna cha kuombea. Nafasi iko kwenye mali. Kabla ya kutaja kiwango, soma waraka wa TIRA unaotumika kuhusu ukomo wa kamisheni kwa kila aina. Ofisi yao ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapa hapa Mbeya. Kuomba juu ya ukomo ni kuonyesha kwamba hukusoma.

Hatua ya 2: Pima uzito wa kila ombi

Kupandisha kamisheni ya mali kutoka 15 hadi 18 kunaleta milioni 2.7 kila mwaka. Kuhusu muda: kamisheni yote kwa mwaka ni milioni 48.5, kwa hiyo siku 45 maana yake karibu milioni 6 zako ziko kwao wakati wowote. Zikiwa siku 14, zinabaki chini ya milioni 2. Milioni 4 na ushee zinarudi kwako, ila mara moja tu. Kwa kampuni, ombi hili la pili halipunguzi faida, ndiyo maana hukubaliwa kwa urahisi zaidi. Omba yote mawili, lakini jua lipi utaliachia.

Hatua ya 3: Andika

> Yah: Maombi ya mapitio ya kamisheni na muda wa malipo
>
> Ndugu Meneja, salaam.
>
> Ada tulizoleta kwenu zimefikia shilingi milioni 420 kabla ya VAT, kutoka milioni 180. Mchanganuo kwa aina ya bima, pamoja na madai, umeambatishwa.
>
> Kwa kuwa madai ya moto na mali ni asilimia 22 ya ada, tunaomba kamisheni ya aina hiyo iwe asilimia 18, kwa hati mpya na zinazohuishwa. Kwa magari na mizigo hatuombi mabadiliko.
>
> Tunaomba pia kamisheni ilipwe ndani ya siku 14 tangu mpokee taarifa yetu ya mwezi, tutakayoituma kabla ya tarehe 5. Pingamizi litolewe ndani ya siku 5 za kazi, na mistari isiyopingwa ilipwe kwa wakati.
>
> Tuko tayari kufika ofisini kwenu wiki ijayo kwa mazungumzo.

Sentensi kuhusu taarifa ya mwezi ndiyo yenye kazi kubwa. Ukiandika tu "siku 14 baada ya kulinganisha hesabu", kampuni inaweza kuchukua miezi miwili kulinganisha, na saa yako haijaanza kuhesabu. Na bila kutenga mistari yenye mgogoro, lori moja lililofutiwa bima litazuia malipo ya mwezi mzima.

Usitishie kuhamisha wateja. Hati ni ya mteja, na wao wanajua huwezi kumhamisha mwenye kinu Ubaruku kwa sababu ya kamisheni yako.

Hatua ya 4: Soma jibu kwa makini

Jibu la kawaida ni: kiwango hakibadiliki, ila tutakupa bonasi mwisho wa mwaka madai yakibaki chini ya asilimia 40. Mimi huikataa. Siku mteja wako anapodai ghala lililoungua, wewe ndiye wa kumpigania, na bonasi hiyo inakulipa akishindwa. Badala yake rudi na asilimia 17 kwenye mali, ukishikilia siku 14.

Wakikubali kwa simu, tuma barua pepe siku hiyo hiyo ukitaja viwango, tarehe ya kuanza na hati zinazohusika, kisha omba nyongeza ya mkataba iliyosainiwa. Mameneja wa matawi huhamishwa.