SOMO: Modeli ya logi-logi na jinsi ya kusoma koefishenti kama elastisiti (mfano: unga wa mahindi)

Wakuu habari za saa hizi. Kila msimu wa kuandika tasnifu napata meseji ileile, "koefishenti yangu ya bei imetoka hasi, naielezaje sura ya nne?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naiweka hapa mara moja na mwenye swali aanze kusoma hapa.

Tunakadiria mahitaji ya unga wa mahindi kwa kaya, data za aina ile ya tafiti za kaya za NBS ambapo kaya inaulizwa siku 7 zilizopita mmekula nini, kiasi gani, mmenunua kwa shilingi ngapi. Natumia R, ila mwenye Stata hakuna kinachobadilika kwenye kusoma.

Hatua ya 1. Kiasi chote kigeuze kiwe kilo. Kopo, debe, kiroba, vyote kilo.

Hatua ya 2. Andaa safu hizi: kilo za unga, bei ya unga kwa kilo, matumizi yote ya kaya (yanasimama badala ya kipato), bei ya mchele, idadi ya watu ndani ya kaya, na kijiji cha kaya.

Hatua ya 3. Bei unaitoa wapi? Hapa tulia, maana tasnifu nyingi zinafia hapa na mwenyewe hajui.

Data nyingi za kaya hazina safu ya bei. Zina shilingi zilizotumika na kilo zilizonunuliwa, basi mtu anagawanya moja kwa nyingine, anapata "bei", anasonga mbele. Sasa angalia kinachotokea. Mama kanunua kilo 10 kwa shilingi 15,000, bei halisi ni 1,500. Siku ya kuhojiwa hela anaikumbuka vizuri ila kilo anasema 5. Wewe ukigawanya unapata bei 3,000. Kiasi kimepungua nusu, bei imepanda mara mbili, na kwenye logi kiasi kimeshuka 0.69 na bei imepanda 0.69 hiyohiyo. Yaani kosa la kumbukumbu peke yake limekuchorea mstari wenye mteremko wa −1 kamili, na hakuna mtu aliyebadili alichokula. Makosa ya hivi yakiwa mengi koefishenti yako inavutwa kuelekea −1, na nyota tatu juu yake, na wewe unafurahi.

Halafu kuna la ubora. Kaya yenye hela inanunua sembe ya pakiti, nyingine inanunua mahindi na kupeleka mashine ipate dona. Ukigawanya shilingi kwa kilo unaona bei tofauti, kumbe ni bidhaa tofauti sokoni palepale. Angus Deaton aliliandikia tatizo hili mwaka 1988 akitumia data za Ivory Coast, kwa hiyo msimamizi akikubana una pa kushika.

Dawa yake: kama utafiti una dodoso la jamii lenye bei za sokoni, tumia hizo. Kama hauna, chukua bei ya katikati ya kijiji au mtaa mzima, UKIITOA kaya yenyewe kwenye hesabu, umpe kila mwanakijiji bei iliyotokana na majirani zake. Kosa la mama yule haliingii tena pande zote mbili za mlinganyo wake. Na kwa kuwa sasa watu wa kijiji kimoja wana bei inayokaribiana, makosa sanifu yako lazima uyakusanye kwa kijiji, usipofanya hivyo yatatoka madogo kuliko ukweli.

Utajuaje umeathirika? Endesha mara mbili, kwanza na bei ya kugawanya, pili na bei ya kijiji. Ikiwa ya kwanza imekaa karibu na −1 na ya pili imesogea mbali kuelekea sifuri, sehemu kubwa ya ile ya kwanza ilikuwa ni makosa ya kipimo na ubora.

Hatua ya 4. Endesha.

```r
d$lkilo   <- log(d$kilo)
d$lbei    <- log(d$bei_kijiji)
d$lmat    <- log(d$matumizi)
d$lmchele <- log(d$bei_mchele)
d$lwatu   <- log(d$watu)
m <- lm(lkilo ~ lbei + lmat + lmchele + lwatu, data = d)
library(lmtest)
library(sandwich)
coeftest(m, vcov = vcovCL(m, cluster = ~ kijiji))
```

Hatua ya 5. Kusoma. Tuseme imetoka lbei −0.58, lmat 0.31, lmchele 0.22. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya somo, usije ukazinukuu kama matokeo ya utafiti.

Logi kwa logi maana yake unalinganisha badiliko la asilimia na badiliko la asilimia, ndiyo maana koefishenti yenyewe ndiyo elastisiti, huhitaji kuzidisha na kitu. Kwa hiyo bei ya unga ikipanda kwa asilimia 1, kilo zinapungua kwa asilimia 0.58, vingine vikibaki vilevile. Matumizi ya kaya yakipanda asilimia 1, unga unapanda asilimia 0.31, yaani unaongezeka ila kwa mwendo mdogo kuliko mfuko, na ndivyo ilivyo kwa chakula cha lazima. Bei ya mchele ikipanda asilimia 1, unga unapanda asilimia 0.22, watu wanahamia kwenye ugali, hivyo viwili ni mbadala.

Na usiishie kuandika "ni hasi na ina maana kitakwimu" ukafunga sura. Namba −0.58 ipo kati ya 0 na −1, ikimaanisha unga ukipanda bei kaya inakula kidogo NA inatumia hela nyingi zaidi. Bei ikipanda asilimia 10, kilo zinabaki 1.10 kwa kipeo cha −0.58, ambayo ni 0.946, zidisha na 1.10 unapata 1.04. Bajeti ya unga imepanda asilimia 4 wakati chakula kimepungua zaidi ya asilimia 5. Hayo ndiyo maelezo msimamizi anayatafuta.

Hatua ya 6. Badiliko kubwa usizidishe kichwani. Ule usomaji wa "asilimia 1" ni wa mabadiliko madogo. Julai 2022 serikali ya Kenya ilitangaza ruzuku, pakiti ya unga ya kilo 2 ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100. Hiyo ni punguzo la asilimia 51. Ukizidisha moja kwa moja na 0.58 unasema mahitaji yatapanda asilimia 30. Njia sahihi ni hii:

```r
(100/205)^(-0.58) - 1
```

Inatoka 0.52, asilimia 52. Tofauti ya 30 na 52 ni malori mengi ya mahindi. Tena hiyo 52 ni kiasi ambacho watu WANGETAKA kununua kwa bei ile. Kama mzigo haupo madukani, kilo zilizouzwa zinakuonyesha mzigo uliokuwepo, hazikuonyeshi mahitaji, kwa hiyo data za kipindi cha bei ya kupangwa usizichanganye kwenye rigresheni bila kufikiri.

Maswali karibuni.

---

Kijana_wa_Moro: Mkuu asante, kwa hiyo yangu ni −0.44, naandika bei ikipanda shilingi moja unga unapungua kilo 0.44 si ndio?

Mleta somo: Hapana. Hatua ya 5. Asilimia kwa asilimia, hakuna shilingi wala kilo pale.

Kijana_wa_Moro: Mbona msimamizi wangu amesema shilingi

Mleta somo: Atakuwa anaongelea modeli isiyo na logi. Muonyeshe mlinganyo wako kwanza ndipo muongee.

Binti_Takwimu: Kaka shikamoo. Kaya kama 200 kwenye data yangu zina kilo 0 za unga na R inagoma. Mwenzangu kanishauri niandike log(kilo + 1), ni sawa?

Mleta somo: Marahaba dada, swali zuri sana hili. Usifanye hivyo. Ukiongeza 1 ile namba siyo elastisiti tena, na unaweza kujithibitishia mwenyewe: badili kilo ziwe gramu, ongeza 1, endesha upya, koefishenti inabadilika. Elastisiti ya kweli haijali kilo wala gramu.

Kwanza waulize hao 200 ni akina nani. Kama wanakula mahindi ya shamba lao, hao hawana sifuri, wewe umehesabu manunuzi badala ya ulaji, jumlisha na walichovuna. Kama wako Kagera wanakula ndizi, hiyo ni sifuri ya kweli. Sifuri za kweli zikiwa nyingi tumia hii, inazipokea bila logi upande wa kushoto na koefishenti za lbei na lmat bado unazisoma kama elastisiti:

```r
g <- glm(kilo ~ lbei + lmat + lmchele + lwatu,
         family = quasipoisson, data = d)
```

Makosa sanifu hapo nayo yakusanye kwa kijiji kama kawaida.

Binti_Takwimu: Nimejaribu ile ya gramu, kweli imebadilika! Asante sana. Na nikiweka dami ya mjini/kijijini nayo ni elastisiti?

Mleta somo: Hapana, dami haina logi. Ikitoka −0.35, fanya exp(-0.35) - 1, unapata −0.295. Kaya ya mjini inakula unga pungufu kwa asilimia 30 hivi ukilinganisha na ya kijijini yenye kipato, bei na idadi ya watu sawa. Ikiwa ndogo kama 0.05 unaweza kuisoma moja kwa moja, haikupotezi.

Mzee wa Data: Modeli ya kawaida imenipa R² 0.38, ya logi 0.24. Somo lako linatuharibia tu, ya kawaida ni bora.

Mleta somo: Ndugu, moja inaeleza kilo, nyingine inaeleza logi ya kilo. Ni vitu viwili, R² zake hazilinganishwi. Chora masalio ya zote mbili uone ipi imetawanyika kama faneli, ndipo urudi tubishane.

Fundi_R: Mimi nilitumia log10, naogopa kurudia kazi yote.

Mleta somo: Usirudie. Koefishenti zote za vigezo vilivyo kwenye logi ni zilezile, namba ya mwanzo (intercept) ndiyo inayobadilika. Ila kama una dami, hiyo lazima ufanye 10 kwa kipeo cha koefishenti, siyo exp.

Mwalimu_Tabora: Mimi linanisumbua hili la elastisiti moja kwa watu wote. Tajiri na maskini wanabanwa sawa na bei ya unga kweli?

Mleta somo: Hawabanwi sawa mwalimu, na huo ndio udhaifu mkubwa wa logi-logi, inalazimisha elastisiti moja kila mahali. Zidisha lbei na lmat ndani ya modeli (lbei*lmat), ila kwanza ondoa wastani kwenye lmat, hapo koefishenti ya lbei inakuwa elastisiti ya kaya ya wastani, na ile ya kuzidisha inakuambia inavyosogea kipato kikipanda. Ikitoka chanya maana yake kaya maskini ndizo zinazopunguza sahani zaidi bei ikipanda.

Mwalimu_Tabora: Nimeelewa. Huku kwetu watu wanajibu kwa debe, na debe la muuzaji huyu si la yule, wengine wanajaza mpaka kilima.

Mleta somo: Kama debe lote la wilaya lingezidi kwa kiwango kimoja usingehangaika, kwenye logi ziada hiyo inamezwa na namba ya mwanzo. Shida ni pale linapotofautiana soko kwa soko. Wapimaji waende na mizani, wapime madebe machache kila soko, kila kijiji kipate kigeuzi chake cha kilo. Na wapime siku ya mnada, maana ndiyo siku wengi wananunua.